Mashapo Yaliyogeuka Rangi

Mwaka 1953 Adelard Kamugisha alikuwa na miaka ishirini na tisa, na majirani zake wa Temeke hawakujua hasa anafanya kazi gani. Walimwona akitoka asubuhi na baiskeli, shati jeupe limenyooshwa na mkewe Genoveva, na jioni akirudi na vidole vyenye madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni. Wengine walidhani ni mpiga picha. Mama mwenye nyumba alikuwa akiwaambia wageni kwamba mpangaji wake Mhaya ni daktari wa maji, na hilo ndilo lililokuwa karibu na ukweli kuliko yote.

Alikuwa msaidizi wa maabara. Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya ghala moja kando ya Barabara ya Pugu, mali ya Mwingereza mmoja ambaye kila mtu alimwita Bwana Mkemia. Wajenzi walileta mchanga na chokaa, wafanyabiashara walileta mafuta na sabuni, wachimba visima walileta maji. Adelard alipofika kutoka Bukoba mwaka 1948, na cheti chake cha shule ya misheni kwenye bahasha, aliajiriwa kuosha chupa. Aliziosha miaka miwili. Saa za chakula wenzake wa ghalani wakicheza bao, yeye alikaa na kitabu cha kazi za maabara na kamusi, akisoma mstari kwa mstari. Siku moja Bwana Mkemia alimkuta amesimama mbele ya mizani, mikono mgongoni, akiitazama tu bila kuigusa. Akamuuliza, "Unataka kuitumia?" Akajibu, "Ndiyo, bwana." Tangu siku hiyo mizani ikawa yake.

Ilikuwa mizani ya kukaa ndani ya kabati la kioo, yenye kuhisi hata jasho la kidole. Adelard aliipenda. Nyumbani alikuwa mtu mpole asiyependa kubishana, lakini katika namba alikuwa mkali, na sifa hiyo ndiyo iliyompa heshima. Kilichoandikwa na Adelard, Bwana Mkemia alikitia sahihi bila kukirudia.

Kazi aliyoifanya mara nyingi kuliko zote ilikuwa kupima salfeti katika maji. Salfeti ni chumvi isiyoonekana. Maji yenye chumvi hiyo yanaweza kuwa maangavu kama ya mvua. Lakini ikizidi katika ardhi inayozunguka msingi wa jengo, inaingia ndani ya zege, inashikana na saruji na kuvimba. Zege linapasuka kutoka ndani, na baada ya miaka michache unaweza kulichimbua kwa msumari. Ili kuipima, Adelard alichukua maji ya kipimo maalumu, akayatia asidi kidogo, akayachemsha, kisha akadondoshea maji ya bariamu kloridi. Papo hapo weupe ulitokea kama maziwa. Hayo yalikuwa mashapo ya bariamu salfeti, yasiyoyeyuka kwa chochote cha kawaida. Uliyaacha yakomae, ukayachuja, ukayaosha kwa maji ya moto, ukayakausha, ukayapima uzito. Ukijua uzito wa mashapo, unajua salfeti iliyokuwamo majini. Kwa maelezo ni kazi rahisi. Ugumu wake ni kwamba mizani haijui inapima nini. Ukiipa maji yaliyobaki katika mashapo, itayahesabu. Ukiipa kitu kingine kilichojificha humo, itakihesabu nacho.

Alhamisi moja ya mwezi wa Agosti alikuja Fundi Alfonsi na kikapu chenye chupa mbili kubwa. Fundi Alfonsi alikuwa mtu wa makamo kutoka upande wa Ndanda, msimamizi wa zege, kifua kipana na sauti ya kupasua mawe. Yeye na Adelard walisali kanisa moja, na Alfonsi ndiye aliyewatafutia Adelard na Genoveva chumba walipooana.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea maji ya shimoni Mtoni. Lile jengo la kina mama kujifungulia. Injinia anataka karatasi yenu kesho kabla ya saa sita, maana Jumatatu tunamwaga msingi."

Adelard alifungua chupa. Maji yalikuwa safi ila yalinuka tope la mikoko.

"Mbona haraka hivi?"

"Haraka ni ya injinia. Mie nina vijana ishirini na wawili wanaolipwa kwa siku, nimewaweka wiki nzima wakichimba na kufunga mbao. Saruji imeshafika. Tukikwama watatawanyika, na nitawapata wapi tena?"

Barua ya injinia ilieleza mpaka wenyewe: salfeti ikiwa chini ya sehemu thelathini katika laki, saruji ya kawaida itatumika. Ikifika thelathini au kuzidi, lazima saruji maalumu iagizwe kutoka Uingereza, na meli ilichukua kiasi cha miezi miwili.

Wiki hiyo maabara ilikuwa na shida. Tanuri dogo la umeme, ambamo mashapo yalichomwa hadi kuwa mekundu kwa joto, lilikuwa limeungua waya siku ya Jumanne, na waya mpya ulisubiriwa kutoka Nairobi. Bwana Mkemia alikuna kidevu. "Tumia vikombe vya kuchujia," alisema. "Kausha kwenye oveni tu. Kwa mjenzi inatosha."

Adelard alianza mchana uleule. Kufikia hapo maji chupani yalikuwa yameanza kufanya ukungu wa rangi ya kutu. Aliyatia asidi, ukungu ukayeyuka, na maji yakabaki na umanjano hafifu. Aliuona umanjano ule. Baadaye alikuwa akisema kwamba aliuona vizuri kabisa, na kwamba macho yake yaliutambua kabla ya akili kukubali. Lakini alikuwa anawaza saa. Alimimina bariamu kloridi kwa haraka kuliko desturi yake, badala ya kudondoshea tone kwa tone. Badala ya kuacha mashapo usiku kucha, akayapa saa moja. Akafanya vipimo viwili sambamba, robo lita kila kimoja, akavichuja na kuviosha.

Ijumaa asubuhi aliviweka vikombe katika oveni. Umeme ulikatika saa tatu, ukarudi saa nne kasorobo. Saa tano na robo akavitoa, akaviacha vipoe, akapima. Kikombe cha kwanza kilitoa mashapo ya gramu 0.2132. Cha pili, 0.2137. Akapiga hesabu: sehemu ishirini na tisa nukta mbili, na ishirini na tisa nukta tatu. Chini ya thelathini. Na vipimo viwili vilikuwa vimekubaliana kama mapacha.

Katika daftari kulikuwa na safu mbili za uzito. Sheria ilikuwa kupima, kurudisha kikombe kwenye moto, kupoza na kupima tena, mpaka uzito usibadilike. Hapo ndipo unapojua kuwa ni kikavu. Tarishi wa injinia alikuwa ameshaketi barazani, kofia magotini. Ilikuwa saa tano na nusu imepita. Adelard alishika kalamu. Katika safu ya pili, ambayo hakuipima, akaandika 0.2131 na 0.2137.

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuandika namba ambayo mizani haikumpa.

Bwana Mkemia akatia sahihi. Tarishi akaondoka na bahasha.

Jumamosi kazi ilikwisha saa sita mchana, na Bwana Mkemia aliondoka mapema zaidi kwenda kwenye mchezo wake wa gofu. Adelard alibaki kufunga. Vikombe viwili vilikuwa bado ndani ya chombo cha kioo cha kuzuia unyevu. Alijiambia anataka kuviosha tu. Badala yake alikirudisha cha kwanza kwenye oveni, akasubiri saa nzima, akakipima. 0.2119. Akakirudisha tena. 0.2108.

Kumbe maji yalikuwa bado yamo, na mizani iliyahesabu kama salfeti.

Lakini hesabu yenyewe haikumtisha. Kama mashapo yalikuwa mepesi kuliko alivyoandika, basi salfeti ilikuwa pungufu, na jengo lilikuwa salama zaidi. Angeweza kufunga mlango na kwenda nyumbani. Alikaa kidogo akilifikiria hilo. Kisha akakumbuka kwamba oveni haiwezi kutoa maji yote. Yale yaliyonaswa ndani ya chembe za mashapo hutoka kwa moto mkali tu. Alitaka kujua mwisho wake uko wapi. Akawasha jiko la Primasi, akatumbukiza kikombe ndani ya chungu kingine cha nikeli ili moto usikiguse moja kwa moja, akalipampu jiko mpaka likanguruma na chungu kikawa chekundu. Akakiacha hivyo nusu saa.

Kilipopoa akafungua.

Bariamu salfeti ni nyeupe. Ukiichoma ni nyeupe, ukiipoza ni nyeupe. Ndani ya kikombe kulikuwa na unga wa rangi ya matofali mabichi, wekundu uliochanganyika na kahawia, kama vumbi la barabara ya Pugu lililoingia kwenye unga wa muhogo. Akaupima. 0.2079.

Akakaa chini. Sasa umanjano wa Alhamisi ulirudi mbele yake wote.

Chuma. Maji ya tope la mikoko yalikuwa na chuma kingi kilichoyeyuka, na mashapo yalipoanguka kwa haraka yalikinasa na kukivuta chini pamoja nayo. Akafungua kitabu, akautafuta ukurasa, akausoma mara mbili ingawa aliujua. Chuma kikishuka pamoja na mashapo, kinashika salfeti ambayo ingetakiwa kushikwa na bariamu. Bariamu ni nzito, chuma ni chepesi. Kwa hiyo mizani inaona kidogo kuliko kilichopo. Ukichoma, salfeti iliyoshikwa na chuma inapaa kama mvuke na kuacha kutu, na uzito unapungua zaidi. Jibu linakuja chini ya ukweli.

Makosa mawili, basi. Maji yalikuwa yamepandisha namba na chuma kilikuwa kimeishusha, na kati ya hayo mawili ikatoka ishirini na tisa, namba nzuri yenye sura ya kuaminika. Vipimo viwili vilikubaliana kwa sababu vyote viwili vilikosewa kwa namna ileile. Salfeti ya kweli ilikuwa kiasi gani, hakuna aliyejua. Huenda ishirini na tisa kweli. Huenda thelathini na mbili.

Nyumbani alimweleza Genoveva, mpaka kwenye ile namba aliyoitunga. Genoveva alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ukisema, watakufukuza?"

"Labda."

"Na usiposema?"

"Hakuna atakayejua. Pengine hakuna litakalotokea kwa miaka kumi."

Akapepeta ungo mara mbili tatu. "Bwana Mkemia anaishi mbali," alisema. "Kesho baada ya misa uondoke kabla jua halijawa kali."

Jumapili nje ya kanisa Alfonsi alimkamata mkono kwa furaha. "Umetuokoa, mwanangu! Ishirini na tisa! Kesho saa kumi na mbili na nusu koleo ziko mkononi."

"Fundi, namba ile si sahihi."

Alfonsi alicheka, kisha akamtazama usoni na kuacha kucheka. Akamvuta pembeni, mbali na watu. Adelard akamweleza.

"Ngoja," alisema Alfonsi. "Unajua kwamba imezidi?"

"Sijui."

"Kwa hiyo inaweza kuwa chini ya thelathini."

"Inaweza."

"Basi kwa nini unanichomea nyumba kwa moshi usioujua unatoka wapi?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na ikatisha zaidi kwa udogo wake. "Wale vijana nimewatoa Mbagala, nimewatoa Kimbiji, wengine wametembea siku nzima. Miezi miwili watakula nini? Karatasi imeshatoka. Injinia ameridhika. Bwana wako ameridhika. Wewe nani?"

"Mie ndiye niliyeiandika, Fundi."

"Ungeiandika vizuri siku ileile!"

Adelard alitazama viatu vyake. Alfonsi akamwacha, akaenda zake bila kuaga, na Mauwa mkewe akabaki akiwatazama kwa zamu asijue la kufanya.

Kutoka Temeke hadi Msasani kwa baiskeli si karibu. Alipita mjini, akavuka Daraja la Selander, akaingia kwenye barabara za nyumba kubwa zenye bustani. Kikombe kilikuwa katika kopo la chai, kimefungwa kwa pamba, ndani ya mfuko wa shati. Mpishi wa Bwana Mkemia alimzuia mlangoni. Jumapili bwana hapokei watu wa kazini. Adelard alisema atasubiri. Akasubiri karibu saa nzima, amesimama juani, mpaka Bwana Mkemia mwenyewe alipotokea na kikombe cha kahawa mkononi.

"Adelard? Maabara imeungua?"

"Hapana, bwana." Akafungua kopo na kumnyooshea.

Mzungu yule alitazama ndani. Hakuuliza ni nini. Alilipokea kopo, akaenda nalo kwenye mwanga wa baraza, akalikodolea macho kwa muda mrefu.

"Mtoni?"

"Ndiyo, bwana. Nimeichoma jana kwa Primasi. Imetoka kwenye 0.2132 hadi 0.2079."

"Lakini ulipima mara mbili. Daftari linasema uzito ulikuwa umesimama."

Mpishi alikuwa bado yupo mlangoni. "Nilipima mara moja, bwana. Safu ya pili niliiandika kwa kichwa. Tarishi alikuwa anangoja."

Bwana Mkemia aliweka kahawa juu ya ukuta wa baraza. Uso wake ulikuwa umepanda damu mpaka kwenye masikio.

"Mimi nilikuambia utumie oveni," alisema, Kiswahili chake kikikatika kwa hasira. "Na maji ya mikoko, ningepaswa kuuliza habari za chuma. Kosa la chuma ni langu pia. Lakini kuandika uzito ambao hukuupima, hilo ni lako peke yako. Unaelewa?"

"Naelewa, bwana."

"Saa ngapi wanamwaga?"

"Kesho saa kumi na mbili na nusu."

"Haiwezekani kupata jibu kabla ya hapo."

"Haiwezekani. Mashapo lazima yalale."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Kusimamisha kazi ya watu wengi kwa sababu ya rangi tu, bila namba mkononi. Kama kesho jibu lingekuja ishirini na tisa, maabara ingechekwa na kila mjenzi wa Dar es Salaam. Bwana Mkemia alitembea mpaka mwisho wa baraza akarudi. Kisha akaingia ndani, na Adelard akamsikia akizungusha simu na kusema kwa Kiingereza na injinia, kwanza kwa utulivu, halafu kwa sauti ya juu, halafu tena kwa utulivu. Alipotoka alikuwa na karatasi iliyokunjwa.

"Hii ni ya msimamizi wa zege. Utampelekea wewe. Kwanza twende maabara."

Walifanya kazi pamoja mchana huo wa Jumapili, madirisha wazi, ghala lote limefungwa. Safari hii walikitoa chuma kwanza. Waliyachemsha maji, wakatia amonia, na chuma kikaanguka kwa mabonge laini ya rangi ya kutu, mengi kuliko walivyotarajia wote wawili. Wakayachuja. Kwa kuwa mabonge hayo nayo huweza kushika salfeti, wakayayeyusha kwa asidi na kuyaangusha mara ya pili, wakaunganisha maji yote. Sasa yalikuwa maangavu bila dalili ya umanjano. Wakayatia asidi, wakayachemsha, na Adelard akadondoshea bariamu kloridi iliyopashwa moto, tone, tone, akikoroga bila kusimama. Bwana Mkemia alikaa kwenye kiti kirefu akitazama mkono wake. Wakayaacha mashapo yakomae juu ya maji ya moto, kisha yalale mpaka asubuhi.

Jioni Adelard alifika Mtoni. Alfonsi alikuwa anakagua mapipa ya maji. Alisoma karatasi polepole, midomo ikimwenda, akaikunja vizuri kabisa.

"Kesho njoo uwaambie wewe," alisema. "Mie sitasema maneno yako."

Adelard alikuja. Saa kumi na mbili na nusu alisimama mbele ya watu ishirini na wawili walioshika koleo, wengine miguu peku, na mashimo ya msingi nyuma yao yakiwa na maji ya chini. Aliwaambia kwamba kazi imesimama. Mzee mmoja, mtu wa Kimbiji, aliuliza kwa upole maji hayo yana nini.

"Yana chumvi inayokula saruji. Inaivimbisha. Ukuta unapasuka tangu chini."

"Nyingi?"

"Bado hatujajua."

Mtu mmoja nyuma alitukana. Wengine wakaanza kukusanya vitu vyao, si kwa kelele. Alfonsi alikuwa amegeuka upande wa mto, mikono kiunoni. Adelard akapanda baiskeli. Aliwaza kwamba kama jibu lingekuja chini ya thelathini, asingeweza tena kupita mahali hapo.

Saa mbili asubuhi, maabarani, aliyachuja mashapo. Safari hii alitumia karatasi isiyoacha majivu, akaosha mpaka maji ya kuoshea yakaacha kabisa kufanya ukungu yakitiwa fedha naitreti, maana ukungu ukitokea, bariamu kloridi bado imo. Akaikausha karatasi taratibu, akaiteketeza kwa joto bila kuiacha itoe mwali, kisha akapampu Primasi. Bwana Mkemia alikuwa anazunguka nyuma yake. Walipofunua, unga ulikuwa mweupe, mweupe hata pembeni. Akaupoza. Akaupima. 0.2237. Akaurudisha kwenye moto. Akaupoza tena, na dakika hizo za kupoa zilikuwa ndefu kuliko njia yote ya Msasani. 0.2236. Akaurudisha mara ya tatu bila kuambiwa. 0.2236. Kipimo cha pili kilisimama kwenye 0.2241.

Bwana Mkemia alipiga hesabu kwa penseli, akazungushia duara.

"Thelathini nukta saba. Vyote viwili."

Ilizidi kwa chini ya sehemu moja. Adelard alitegemea kufurahi, akaona hafurahi. Alikalia kiti akaomba maji ya kunywa.

Barua iliyokwenda kwa injinia ilikiri kosa la maabara, na Bwana Mkemia aliandika humo kwamba amri ya kutumia oveni ilikuwa yake. Kwa Adelard iliandikwa barua nyingine, ya onyo, na mwaka huo hakupandishwa daraja. Daftari la maabara lilibadilishwa: hakuna jibu la salfeti kutoka bila kuchomwa, na hakuna maji ya mikokoni kupimwa bila kuondoa chuma. Safu ya pili ya ukurasa ule wa Agosti Bwana Mkemia aliikata kwa wino mwekundu, na kwa miaka mingi Adelard alipofungua daftari hilo kutafuta kitu kingine alijikuta akigeuza ukurasa ule haraka.

Kwa Alfonsi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Vijana walitawanyika. Yeye mwenyewe alipata kibarua Pugu, kwenye nyumba za wafanyakazi, cheo cha chini kuliko chake. Kanisani alikaa upande wa pili. Mauwa aliendelea kuja kwa Genoveva kuazima kinu, akileta salamu ambazo hakutumwa, na Genoveva alizipokea kama kweli.

Saruji maalumu ilifika mwishoni mwa Oktoba. Alfonsi aliitwa tena Mtoni, na kati ya wale ishirini na wawili aliwapata tisa tu. Wiki ya kumwaga msingi ilipopita, Jumamosi moja alitokea kwenye mlango wa maabara, kofia mkononi, saruji bado imemkaukia kwenye nyusi.

"Shikamoo, Fundi," alisema Adelard, akasimama.

"Marahaba." Akatazama ndani, kwenye makabati ya vioo. "Nionyeshe hicho kitu kilichonisimamishia kazi."

Adelard alikuwa na maji ya kisima kimoja cha Kinondoni mezani. Akamkalisha, akaanza. Alfonsi alitazama weupe ukitokea ndani ya maji maangavu, akashtuka kidogo, akajifanya hakushtuka. Kulikuwa na kikombe kingine kilichotoka kwenye oveni asubuhi. Adelard alikipima mbele yake na kumsomea namba, akakichoma kwenye tanuri, ambalo sasa lilikuwa na waya mpya, akakipoza na kukipima tena.

"Imepungua," alisema Alfonsi. "Umetoa nini? Hukutoa kitu."

"Maji."

"Yalikuwa wapi? Nimeona unga mkavu."

"Ndani ya unga. Hata mie niliona mkavu."

Alfonsi akaegemea mbele, viwiko magotini, akitazama sindano ya mizani ikiyumba na kutulia.

"Wale kumi na watatu sikuwapata," alisema. "Mmoja nasikia amekwenda Tanga, kwenye mkonge."

"Nilisikia."

"Sikuja kukwambia kwamba nimesahau."

"Ndiyo, Fundi."

"Zege limeshika vizuri." Alisimama, akavaa kofia. Mlangoni akageuka. "Mauwa anapika pweza kesho. Njoo na mkeo. Msije mapema mno, mie baada ya misa hulala."

Akaenda zake. Adelard alisubiri kikombe kipoe, akakipima mara nyingine, akaandika namba katika safu yake.